Ameniletea mashine nyingine, anasema hatukuandikiana

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Iringa. Nilikuwa natafuta ovaloki ya nyuzi nne ya kushonea sweta za shule. Nikamwona muuzaji wa Kariakoo kule Instagram, tukahamia WhatsApp. Kwenye stetasi aliweka picha ya mashine mpya yenye mota ya ndani, ile isiyopiga kelele. Bei tulipatana kwa simu: 1,150,000, nitangulize 700,000, nyingine nimalizie mzigo ukifika. Jumanne nikatuma kwenye namba aliyonipa. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni mke wake. Nikaandika "Nimetuma 700", akajibu "Imeingia dada, mzigo unatoka kesho". Risiti alisema ataiweka ndani ya boksi.

Alhamisi mzigo umefika kwa basi. Risiti hamna. Mashine ina sindano moja na nyuzi tatu, mota kubwa chini ya meza inaunguruma hata kabla sijakanyaga pedali, na rangi imepigwa juu ya kutu. Nimempigia, anasema "ndiyo hiyo hiyo, itumie kwanza utaizoea", halafu anadai 450,000 yake. Nilipokazania akasema hatukuandikiana mkataba popote, nikashtaki ninakotaka. Jana nimeona kuna meseji mbili amezifuta, na ile stetasi sikuipiga picha. Nimebaki na sauti yake moja aliyorekodi akiisifia mashine. Mume wangu anasema nimeshapoteza. Kweli sina haki?

Mama Tausi, Iringa


Marahaba mama Tausi.

Tuanze na mashine kabla ya haki. Umeshashonea kazi ya mteja? Kama bado, usishonee. Kuijaribu kwenye kipande cha kitambaa ili uone inavyofanya kazi hakuna tatizo, mnunuzi ana nafasi ya kukagua alicholetewa. Lakini ukianza kutengenezea sweta za watu, unajifunga mwenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamhesabu mnunuzi kuwa ameipokea na kuikubali bidhaa akisema ameikubali, au akiifanyia jambo ambalo ni la mwenye mali, au akikaa nayo muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa. Sasa lirudie lile neno lake, "itumie kwanza utaizoea". Mimi niliuza vitenge Kariakoo miaka kumi na moja, na nakuhakikishia kuna wauzaji wanaoujua ule mstari wa sheria bila kuwahi kuisoma. Ukitumia wiki mbili, atakuambia umeshaizeesha.

Kwa hiyo irudishe kwenye boksi, ifunike, kisha mwandikie. Usimpigie tena. Simu zote ulizopiga hazijakusaidia kitu kwa sababu hazikuacha alama yoyote, na yeye ndiyo maana anapenda kuongea. Leo jioni mtumie ujumbe mmoja, kwenye chati ile ile mliyofanyia biashara, wa namna hii:

"Kaka, habari za kazi. Jumanne (weka tarehe) uliniuzia ovaloki mpya ya nyuzi nne yenye mota ya ndani kwa 1,150,000. Nilikulipa 700,000 kwenye namba uliyonipa, iliyotokea kwa jina la mke wako. Alhamisi nimepokea mashine iliyotumika, ya nyuzi tatu, mota iko chini ya meza. Siyo tuliyopatana, kwa hiyo naikataa. Iko kwangu imefungwa na haifanyiwi kazi, unaweza kumtuma mtu aichukue. Naomba unirudishie 700,000 au uniletee tuliyopatana kabla ya Ijumaa ijayo. Hadi hapo 450,000 sitalipa."

Usiongeze tusi, usiongeze "Mungu anakuona", wala usimtishie kumweka mtandaoni. Ujumbe huu huenda ukasomwa na hakimu ambaye hajui mlikotoka, na inafaa akukute mtu mtulivu anayejua hesabu zake. Kila sentensi humo ndani ina kazi. Ya kwanza inataja kilichouzwa na bei, ambavyo hadi sasa viko kichwani mwenu wawili tu. Inayofuata inaiunganisha pesa na muuzaji, maana meseji ya malipo inataja mtu mwingine. Neno "naikataa" ndilo linalozuia usihesabiwe kuwa umeikubali. Na hilo la kumwambia atume mtu aichukue nimeliweka makusudi: mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuibeba hadi kwa muuzaji, inatosha kumjulisha kwamba ameikataa, isipokuwa kama mlipatana vingine. Asije akakuambia "irudishe Dar kwa gharama zako halafu tutaongea". Ukiirudisha pesa ikiwa bado kwake, unabaki huna mashine wala pesa.

Halafu ngoja ajibu. Akijibu "sawa dada, ila mpya zilikuwa zimeisha", ameshakiri karibu kila kitu. Akijibu "mimi nilikuambia ni ya nyuzi tatu", angalau amekubali kwamba aliuza, na kilichobaki kubishaniwa ni nyuzi. Akinyamaza, tiki mbili zitakuwepo na tarehe itakuwepo. Kunyamaza peke yake hakumfanyi awe amekubali, ila kunaonyesha alijulishwa mapema na hakukanusha.

Sasa hilo la mkataba. Mwambie mumeo hujapoteza. Makubaliano ya watu wazima wenye akili timamu, waliopatana kwa hiari juu ya kitu halali na bei yake, ni mkataba, hata kama hakuna karatasi yenye mhuri wala wakili aliyeuona. Iko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kuna mahali ambapo maneno ya muuzaji wako yangeweza kuwa na nguvu kidogo: ile Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ni ya tangu enzi za mkoloni, na inasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayawezi kudaiwa mahakamani bila maandishi. Shilingi 200! Leo hiyo hata andazi la maana hupati, kwa hiyo karibu kila kitu kimo. Lakini kifungu hicho hicho kinafungua mlango: kama mnunuzi amelipa sehemu ya bei, au amepokea bidhaa na kuikubali, maandishi si lazima. Wewe umelipa 700,000. Mlango huo umeshaupita.

Isitoshe, maandishi unayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Swali ambalo mahakama hujiuliza ni jinsi ulivyotunzwa, kama haujachezewa, na kama kweli umetoka kwa huyo anayetajwa. Kwa maneno mengine, simu yako sasa ni kabati la nyaraka. Usiiuze, usiifomati, usimpe mtoto achezee gemu.

Tatizo lako, mwanangu, siyo kukosa maandishi. Tatizo ni kwamba maandishi uliyonayo hayasemi kitu. "Nimetuma 700." Mia saba ya nini? "Imeingia dada, mzigo unatoka kesho." Mzigo gani? Meseji ya mtandao wa simu inathibitisha kwamba 700,000 imetoka kwako kwenda kwa mwanamke fulani saa fulani, haisemi ilikuwa ya ovaloki. Risiti ya basi inathibitisha kwamba boksi limetoka Dar kuja kwako, haisemi ndani mna sindano ngapi. Vipande vyote ni vya kweli na kila kimoja kinasimama peke yake. Kinachokosekana ni sentensi moja inayovifunga pamoja: fulani amemuuzia fulani kitu hiki, chenye sifa hizi, kwa bei hii, na pesa ile ni ya kitu hicho.

Ndiyo maana ile sauti uliyoitaja mwishoni, kama kitu kisicho na maana, mimi ndiyo iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Isikilize upya na kalamu mkononi. Anasema "nyuzi nne"? Anasema "mpya" au "haijawahi kushona"? Anataja mota? Andika maneno yake neno kwa neno kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa iliyotumwa. Nakala mtumie ndugu unayemwamini, lakini ile ya asili iache palepale kwenye chati. Kama humo ametaja nyuzi nne, hiyo ndiyo sentensi yako, tena kwa mdomo wake.

Meseji alizofuta zisikutie homa. Mtu akifuta kwa pande zote mbili, WhatsApp huacha alama kwamba palikuwa na ujumbe ukafutwa, na alama hiyo ikija siku moja baada ya kugombana inasema mengi. Tena muda wa kufuta hivyo ni kama siku mbili na nusu tangu kutumwa. Ukishapita, kilicho kwenye simu yako yeye hawezi kukifikia. Angalia tu kwamba hajawasha meseji za kupotea zenyewe, zile zinazoitwa Disappearing messages, maana hizo zinaondoka bila yeye kugusa kitu. Fungua jina lake juu ya chati utaona kama zimewashwa.

Hifadhi hivi. Kwenye chati bonyeza vidoti vitatu, More, kisha Export chat, uchague pamoja na picha na sauti, ujitumie kwa barua pepe. Pia piga picha za skrini, ila kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya. Wewe umemsevu kama "Kaka Mashine Kkoo", sivyo? Basi picha zako zote zitaonyesha "Kaka Mashine Kkoo", na mtu yeyote anaweza kumsevu shemeji yake jina hilo. Fungua wasifu wake, piga picha inayoonyesha namba yenyewe, kisha picha za mazungumzo zifuatane bila kuruka, tarehe zikionekana. Kule Instagram nako piga picha ya ukurasa, jina la akaunti, na tangazo la mashine kama bado lipo. Majina ya akaunti hubadilishwa kama kanga. Ukibonyeza vidoti vya ukurasa kuna About this account, inaonyesha akaunti ilianza lini, na mara nyingi inaonyesha kama imewahi kubadili jina. Meseji ya malipo usiifute, na risiti ya basi iweke kwenye bahasha.

Mashine yenyewe ipige video, dakika mbili zinatosha. Anza na karatasi ya mzigo yenye jina lako, nenda kwenye boksi, kisha sindano. Ovaloki ya nyuzi nne inayotumika kwa sweta ina sindano mbili na lupa mbili, hapo kila fundi wa Iringa atakubaliana nawe, kwa hiyo onyesha kwamba pale pana nafasi ya sindano moja tu. Washa umeme bila kukanyaga pedali ili ule muungurumo usikike, kwa sababu mota ya ndani hukaa kimya hadi ukanyage. Malizia na mahali ambapo rangi imebanduka na kutu inaonekana. Kama kuna fundi mashine anayeheshimika hapo mjini, mwombe aikague na akuandikie mistari mitatu yenye jina lake na sahihi.

Akikataa kurudisha, usikimbilie polisi ukitegemea watakurudishia pesa. Muuzaji aliyeleta kitu kibovu au tofauti, akiwa anapatikana na anabishana, mara nyingi utaambiwa hilo ni la madai. Yule aliyepokea pesa akazima simu, hakuna duka wala mzigo, huyo ni tapeli na ni wa polisi, tena unatakiwa uwapigie mtandao wako wa simu dakika ile ile, maana pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Namba ya tapeli wa hivyo huripotiwa kwa meseji kwenda 15040. Wa kwako siyo wa namna hiyo. Ana duka na ana jeuri, na wa hivyo ni afadhali.

Shauri lako ni la Mahakama ya Mwanzo. Kiasi hiki kinaingia huko bila shida, na huhitaji wakili. Nenda na bahasha yako kwa karani, atakueleza kama ulifungue hapo Iringa ulikopokea mzigo au kule anakoishi mdaiwa, na ada yake. Lakini kabla ya hapo utahitaji kujua unamshtaki nani. Una jina lake kamili? Au una "Kaka Mashine"? Wengi hukwama hapo, siyo kwenye sheria. Jina la mkewe unalo kwenye meseji ya malipo, ni pa kuanzia. Kama jina la duka limesajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, utafutaji wao utakuonyesha mmiliki. Na kama una ndugu Dar, apite dukani kama mteja wa kawaida, asome leseni iliyobandikwa ukutani. Asigombane na mtu, asome tu na kuondoka.

Ipo pia njia ya kumaliza bila mahakama, nami ningeipima kwa dhati, maana nauli za kwenda na kurudi zinakula madai. Umeshika 450,000 yake, naye ameshika 700,000 yako, na mashine iko kwako. Ulizia hapo bei ya ovaloki kuukuu ya nyuzi tatu. Tuseme mafundi wakuambie 550,000, na wewe ukaona kwa vitambaa vyepesi inaweza kukufaa. Basi mwandikie kwamba uko tayari kubaki nayo kwa 550,000, akurudishie 150,000, na lile deni la 450,000 life. Akikubali, akubali kwa maandishi kabla hajatuma, la sivyo mwakani atakuibukia na "deni langu". Kama haikufai kabisa, usijilazimishe. Sweta ya shule iliyofumuka begani kwa kukosa ule uzi wa nne itakupotezea wateja, na muuzaji hatakuwepo.

Sasa wakati mwingine ukinunua, maana utanunua tena, ovaloki bado huna.

Mkishapatana kwa simu, usitume pesa. Andika wewe mwenyewe mlichopatana na umwombe ajibu. Mimi hao niliokuwa nawauzia wa mikoani, aliyeniandikia vizuri nilimfungia mzigo kwa uangalifu zaidi, nasema ukweli. Siyo kwamba nilikuwa mwizi kwa wengine, ila unajua huyu atakagua. Ujumbe wenyewe ni hivi:

"Kaka, nathibitisha tulichoongea. Wewe (jina kamili) wa duka (jina na mtaa) unaniuzia mimi (jina) ovaloki moja mpya, haijatumika, nyuzi nne, sindano mbili, mota ya ndani, chapa na modeli kama kwenye picha hii, pamoja na meza na stendi. Bei 1,150,000. Natanguliza 300,000 kwenye namba hii, jina litakalotokea ni (jina), anapokea kwa niaba yako. Unasafirisha kwa basi Jumatano, nauli juu yangu. 850,000 nalipa nikishakagua. Ikifika tofauti na maelezo haya, unarudisha pesa yote pamoja na nauli. Jibu NAKUBALI nitume."

Bandika picha ya tangazo hapo hapo chini, usitegemee stetasi, inaishi saa 24 tu. Akijibu kwa sauti, msikilize, kisha andika "Nimekusikia umesema umekubali yote isipokuwa nauli nusu kwa nusu, sawa?" Akipiga simu abadilishe kitu, fanya vivyo hivyo. Muuzaji anayesema "dada mbona maneno mengi, hatuaminiani?" hajakutukana, ila mjibu kwamba ni kumbukumbu tu. Anayekataa kabisa kuandika neno moja la kukubali, wakati anaandika bei na namba ya kutumia pesa bila tabu, huyo ameshakupa jibu.

Umeona nimeshusha kianzio kutoka 700,000 hadi 300,000. Uliyotanguliza ilikuwa zaidi ya nusu, na kama makadirio yangu ya bei ya mashine ile ni sahihi, alikuwa ameshapata faida kabla hujafungua boksi. Pesa iliyobaki mkononi mwako izidi faida anayoweza kuipata kwa kukudanganya. Bora zaidi, kama una mtu Kariakoo, alipe yeye palepale baada ya kuona mashine inashona, na achukue risiti mkononi.

Jina la kwenye malipo ndilo lililokuwa onyo lako la kwanza. Simu inakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri, na dakika ile ndiyo ya kusimama. Duka la kweli huwa na lipa namba inayotaja jina la biashara. Akisema mhasibu, mke, mdogo wangu, siyo lazima awe mwongo, ila aandike kwenye chati kwamba huyo anapokea kwa niaba yake.

Na risiti haiwekwi kwenye boksi. Risiti inatolewa pesa inapopokelewa, apige picha akutumie hapo hapo kabla mzigo haujaondoka, karatasi yenyewe ndiyo ije na boksi. Ya EFD ina jina la mfanyabiashara, TIN, tarehe na saa, na namba ya uhakiki ambayo unaiingiza kwenye verify.tra.go.tz kuona kama ni ya kweli. Isome, usiikunje tu. Kuna mchezo wa zamani pale mjini: umelipa milioni na ushee, risiti inasoma 100,000. Wengi hufurahi wakidhani ni siri ya muuzaji na TRA, haiwahusu. Inakuhusu, kwa sababu siku ya kudai atasema risiti yako inasoma laki moja, shika laki yako. Sehemu ya maelezo nayo huandikwa "MASHINE" au "BIDHAA" basi. Mwombe na ankara ya kuandika kwa mkono, yenye modeli, namba ya mashine iliyogongwa kwenye kibati chake, neno "mpya", kilicholipwa na kilichobaki. Mhuri peke yake usikuvimbishe kichwa, mhuri unachongwa mtaani kwa bei ya chai. Na ile karatasi ya EFD hufifia wino, hasa ikikaa karibu na pasi yako, kwa hiyo ipige picha siku ile ile.

Chini ya risiti nyingi utakuta "mali ikiuzwa hairejeshwi". Hayo ni ya mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Hayampi mtu ruhusa ya kukuuzia nyuzi nne akakuletea tatu.

Mzigo ukifika stendi ya Igumbilo, fungua palepale mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo, na kijana wako ashike simu anarekodi kuanzia kamba ikiwa bado imefungwa. Wakikukatalia kufungua kabla ya kusaini, andika pembeni ya sahihi yako "sijakagua".

Nenda kaandike ule ujumbe kabla hujalala, na kama una mwanafunzi hapo, mwambie ovaloki haiguswi, hata kwa kumalizia pindo la skafu yake mwenyewe.

Shangazi